Kisanduku kimoja, miezi kumi na miwili

Fomu ya mkopo ya saccos yetu ina kurasa nne, na watu wengi huijaza bila shida mpaka wafike mahali palipoandikwa "Kipato kwa mwezi". Hapo pana kisanduku kimoja, kidogo, kinachotosha tarakimu sita au saba. Mwalimu anaandika mshahara wake na kuendelea. Fundi cherehani anabaki na kalamu hewani. Kipato cha mwezi upi? Cha Desemba alipolala saa tano kwa wiki tatu mfululizo, au cha Septemba alipokaa kibarazani akisuka nywele za wateja wasiokuja?

Nimekaa kwenye kamati ya mikopo kwa miaka kadhaa, na kisanduku hicho ndicho kimetuletea ubishi kuliko dhamana na wadhamini. Mwezi Aprili 2025 ilifika mezani fomu ya jirani yangu, fundi ambaye mtaa mzima unamwita Mama Fundi. Alikuwa anaomba shilingi 3,000,000 anunue mashine ya oveloki na cherehani ya pili ya umeme. Kwenye kisanduku aliandika 900,000. Afisa mikopo wetu, kijana mpole asiyekubali namba kirahisi, alipiga duara kwa kalamu nyekundu na kuirudisha.

"Mama, hii laki tisa umeipata wapi?"

"Mwanangu, si ndiyo inayoingia? Kuna mwezi inazidi hata hiyo."

Hakuwa anadanganya, na kwa mwaka mzima kiasi hicho hakikuwa mbali na kilichopita kwenye droo na kwenye simu yake. Lakini alikuwa amejibu swali ambalo fomu haikuuliza. Jioni ile nilikaa naye na madaftari yake mawili, na kilichofuata ndicho ninachotaka kukueleza hapa. Namba nimezizungusha kidogo ili hesabu isomeke vizuri, ila mwenendo wake ni uleule.

Nilisema madaftari mawili. La kwanza ni la mauzo na matumizi, ambalo alilianza kwa juhudi na kulitelekeza katikati ya mwaka. La pili ni daftari la vipimo, ambalo fundi hawezi kulitelekeza hata akitaka: jina la mteja, kifua, kiuno, urefu wa mkono, bei waliyokubaliana, kianzio alichotoa, salio na siku ya kuchukua nguo. Ukiwa fundi na unaamini huna kumbukumbu za biashara, fungua daftari lako la vipimo. Mwaka wako wote umo humo, siku kwa siku. Tuliongeza taarifa ya miamala ya simu ya miezi kumi na miwili, na risiti za maduka ya vitambaa alizokuwa amezibana kwa pini ukutani. Vikatosha.

Kazi ya kwanza ilikuwa kutenganisha fedha inayopita na fedha inayobaki. Mtoa mkopo akisema kipato, anamaanisha kile unachoweza kukitia mfukoni baada ya biashara kujilipa yenyewe. Kwa Mama Fundi, biashara inajilipa kodi ya fremu, umeme, nyuzi, zipu, vifungo, bitana, ujira wa kijana anayemsaidia kupiga pasi na kushona mikono ya nguo, na nauli ya kwenda Kariakoo. Hivyo vyote vinatoka kwanza. Kinachobaki ndicho chake.

Hapo kuna mitego miwili inayovuta pande mbili tofauti. Wa kwanza ni fedha za watu. Bibi harusi alimtumia Mama Fundi shilingi 400,000 kwa simu, na 300,000 kati ya hizo zilikuwa za kununulia vitenge vya sare za kamati. Taarifa ya miamala inaonyesha laki nne zimeingia, lakini laki tatu zilikaa kwake nusu siku tu. Ni hivyohivyo na zamu yake ya kupokea mchezo, fedha anazotumiwa na mwanawe kwa ajili ya dawa za bibi, na pesa anazozihamisha mwenyewe kutoka laini moja kwenda nyingine. Anayesoma taarifa ya simu bila kuuliza ataziita zote kipato. Afisa makini haziiti hivyo, na akigundua umeziacha zikae humo kimya, anaanza kutilia shaka hata zile zilizo halali.

Mtego wa pili ni kinyume chake. Kila asubuhi Mama Fundi huchukua elfu tano droo aende sokoni, na kwenye daftari lake alikuwa ameiandika kama matumizi ya biashara. Mboga si gharama ya kushona. Ile ni sehemu ya baki lake aliyoila mapema. Ukiitoa hapo, kisha ufike ukurasa wa tatu wa fomu unapoulizwa matumizi ya nyumbani na uitaje tena, utakuwa umekatwa mara mbili kwa mchicha uleule. Nimeona fomu nzuri zikianguka kwa sababu hiyo, na mwombaji asijue kwa nini.

Vianzio navyo vinahitaji utaratibu mmoja usiobadilika. Mteja akitoa nusu Novemba na kumalizia Desemba, andika kila nusu kwenye mwezi iliyoingia. Ukiandika bei yote Novemba kwa kuwa oda ilichukuliwa siku hiyo, na salio ukaliandika tena Desemba lilipolipwa, umeshona gauni moja na kuuza gauni moja na nusu.

Tulipomaliza, mauzo ya kuanzia Aprili 2024 hadi Machi 2025 yalifika shilingi 11,320,000. Ukigawa kwa kumi na mbili unapata laki tisa na arobaini na tatu elfu, na ndiyo ile laki tisa yake. Gharama zilikuwa 5,820,000. Baki la mwaka mzima: 5,500,000, yaani kama 458,000 kwa mwezi. Nusu ya alichoandika, bila kupungua hata mteja mmoja.

Angekuwa mwombaji mwingine ningemwambia aandike hiyo na tukalale. Lakini kwa fundi wa mtaa wenye Waislamu wengi kuna swali moja zaidi la kuuliza: humu ndani mna Idd ngapi?

Tunagawa kwa miezi kumi na miwili kwa sababu mwaka mmoja unapaswa kubeba kila msimu mara moja. Ukichukua miezi sita, jibu linategemea umeanzia wapi. Kwa Mama Fundi, Aprili hadi Septemba ilimpa wastani wa 390,000, na Oktoba hadi Machi ikampa 527,000. Mtu mmoja, cherehani ileile, tofauti ni zaidi ya laki na thelathini kwa mwezi. Mwaka mzima unaondoa ujanja huo, kwa sharti kwamba misimu yenyewe inafuata kalenda ya ukutani. Sare za shule zinaifuata, maana shule hufunguliwa Januari. Krismasi inaifuata. Idd haiifuati. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo Idd husogea nyuma kwa kama siku kumi na moja kila mwaka. Wazee wa kushona wanakumbuka mwaka 2000, Idd el-Fitri ilipokuja Januari ikarudi tena Desemba.

Tazama basi kilichotokea. Mwaka 2024 Idd el-Fitri ilikuwa Aprili 10. Mwaka 2025 ikawa mwisho wa Machi. Miezi kumi na miwili ya Mama Fundi ilianza Aprili mosi 2024, mwanzoni mwa lile kumi la mwisho la Ramadhani, siku ambazo wateja humiminika kuchukua madera na kanzu na kulipa masalio. Ikaisha Machi 31, 2025, baada ya Ramadhani nyingine nzima. Kalenda ilikuwa mwaka mmoja, misimu ya Idd ilikuwa mmoja na kipande kinono cha mwingine. Kipande hicho ndicho kilichoipa Aprili 2024 baki la 770,000, ilhali Aprili ya kawaida isiyo na Idd ni mwezi wa kupepea nzi.

Dawa yake ni kusogeza dirisha. Nilimwomba asubiri Aprili 2025 iishe, kisha tuhesabu kuanzia Mei 2024 hadi Aprili 2025. Hapo inabaki Idd el-Fitri moja, Idd el-Hajj moja ya katikati ya Juni, Krismasi moja, na ufunguzi wa shule mmoja. Aprili hiyo mpya ilimletea 260,000 tu. Haya ndiyo mabaki yake kumi na mawili, kwa maelfu ya shilingi: Mei 210, Juni 550, Julai 320, Agosti 250, Septemba 240, Oktoba 290, Novemba 400, Desemba 860, Januari 660, Februari hasi 70, Machi 1,020, Aprili 260. Jumla 4,990. Gawa kwa kumi na mbili: 415,833. Tukaishusha mpaka 415,000, kwa kuwa namba ya kipato hupunguzwa ili ikae sawa, haipandishwi.

Kusubiri wiki chache kulimgharimu elfu arobaini na tatu kwenye wastani wake. Alinuna kidogo. Nikamwambia hizo hazikuwa zake, zilikuwa za Idd ya mwaka jana iliyoponyokea humu.

Februari ile hasi ilimsumbua zaidi. Mama yake mzazi aliugua, akafunga duka akaenda kumuuguza Kilosa kwa wiki tatu na nusu. Aliingiza 120,000 tu za nguo alizokuwa amemaliza, huku kodi ya fremu na ujira wa kijana vikiendelea, jumla 190,000.

"Hii tuitoe," akasema. "Si mwezi huu. Nilikuwa na mgonjwa."

Nilimwelewa. Tukiitoa na kugawa kwa kumi na moja, wastani unapanda hadi 460,000. Lakini rejesho la mkopo halisimami mtu anapouguza. Mwaka ujao huenda mama yake asiugue, akaugua yeye, au mwanawe, au fremu ikavunjwa kupisha barabara. Mwezi mmoja wa namna hiyo kwa mwaka ni sehemu ya biashara ya mtu anayefanya kazi kwa mikono yake mwenyewe. Tuliuacha ndani, na pembeni yake tukaandika mstari mmoja: "Duka lilifungwa wiki tatu na nusu, kuuguza mzazi." Afisa akiona mwezi hasi wenye maelezo anaendelea kusoma. Akiona miezi kumi na moja anaanza kutafuta wa kumi na mbili.

Kuna kitu kimoja ambacho sikuruhusu kiingie kwenye hesabu. Agosti alinunua meza ya kukatia nguo kwa fedha taslimu. Hiyo si gharama ya Agosti, itatumika miaka. Tuliiorodhesha peke yake kwenye mali za duka, pamoja na cherehani, pasi na vioo. Ingekuwa kwenye matumizi ya mwezi ingeonekana kana kwamba Agosti biashara ilikufa.

Sasa turudi kwenye zile namba kumi na mbili, uzitazame polepole. Wastani ni 415. Ni miezi mingapi iliyofika hapo? Juni, Desemba, Januari na Machi. Minne. Miezi minane kati ya kumi na miwili iko chini ya wastani. Ukizipanga kutoka ndogo hadi kubwa na kuchukua ya katikati, unapata kama 305,000. Huo ndio mwezi wake wa kawaida, mwezi ambao ukimgongea mlango bila taarifa una nafasi kubwa ya kumkuta nao.

Jambo hili wakopaji wengi hawaambiwi, na kusema kweli hata baadhi ya wakopeshaji hulipita haraka. Wastani ni namba halali ya kuandika kwenye kisanduku, kwa sababu inasema mwaka mzima unaleta kiasi gani, na mkopo wa mwaka mmoja hulipwa na mwaka mzima. Lakini wastani haupo mahali popote kwenye droo. Kwa Mama Fundi, ili aishi kana kwamba analipwa 415,000 kila mwezi, miezi minne inapaswa kukusanya ziada ya kama shilingi 1,430,000, na ziada hiyo ilishwe ile miezi minane. Desemba peke yake inatoa 445,000 na Machi 605,000. Zikiliwa pale zinapopatikana, kwa bati, kwa kitchen pati, kwa kumkopesha shemeji, basi ile 415,000 iliyoandikwa kwenye fomu inageuka kuwa uongo ingawa hesabu yake ilikuwa sahihi.

Ndiyo maana ukubwa wa rejesho ni swali la pili, lisilojibiwa na wastani peke yake. Kwa mwajiriwa, sheria huweka mpaka: nchini Kenya, kwa mfano, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hairuhusu makato yote yazidi theluthi mbili ya mshahara. Fundi hana mwajiri wa kumkata wala wa kumlinda, kwa hiyo kila mkopeshaji ana kipimo chake. Sisi kwenye kamati hatupendi rejesho lizidi theluthi moja ya baki. Theluthi ya 415,000 ni kama 138,000.

Saccos yetu inatoza asilimia moja kwa mwezi ya mkopo wa mwanzo. Mkopo wa 3,000,000 aliouomba ungerejeshwa 3,360,000 kwa mwaka, sawa na 280,000 kila mwezi. Kwa laki tisa yake ya mwanzo, 280,000 inakaa vizuri chini ya theluthi, na fomu ingepita. Sasa iweke mbele ya mabaki halisi. Mei ina 210, Agosti 250, Septemba 240, Aprili 260. Miezi minne rejesho peke yake linameza baki lote na bado halijashiba, ukiacha Februari. Hapo ndipo mtu anapokwenda kwenye mikopo ya kausha damu ili alipe mkopo wa saccos, na ukifika huko mashine inaondoka mlangoni ikiwa bado na nailoni yake.

Mkopo wa 1,500,000 kwa masharti hayohayo unarejeshwa 140,000 kwa mwezi. Hiyo ni theluthi, na elfu mbili juu. Unambakizia 275,000 za nyumbani kwa wastani, na mumewe ana kibarua chake. Tulidhani tumemaliza.

Afisa mikopo hakudhani hivyo. Alikuja dukani siku ya Jumatano bila kupiga simu, kama wanavyofanya. Aliuliza kwa mwezi mbaya anashona nguo ngapi kwa wiki. "Nane, tisa." Bei? "Kumi na tano elfu, ukichanganya zote." Akapiga kichwani: nane kwa 15,000 ni 120,000 kwa wiki, kama 520,000 kwa mwezi. Akafungua karatasi yetu: mauzo ya Mei, 520,000. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kipimo hicho ndicho kinachotenganisha daftari la kweli na lile lililoandikwa jana usiku kwa kalamu moja. Idadi ya nguo, bei, na cherehani zilizopo lazima ziweze kuzaa mauzo yaliyoandikwa. Fundi mwenye cherehani moja na mikono miwili akiandika mauzo ya milioni tatu kwa mwezi, cherehani yenyewe inamkana.

Kisha akauliza swali lililoturudisha mezani: "Mkopo ukitoka mwishoni mwa Mei, rejesho la kwanza ni Juni. Baada ya Juni kuna nini?"

Baada ya Juni kuna Julai, Agosti, Septemba, Oktoba na Novemba, yote chini ya wastani. Ziada ya Juni ni 135,000, na upungufu wa miezi mitano inayofuata ukiujumlisha ni 575,000. Yaani kabla Desemba haijafika kumwokoa, Mama Fundi atahitaji 440,000 kutoka mahali pengine. Mkopo uleule ukitolewa mwishoni mwa Novemba ungeanza kulipwa na Desemba na Januari, na njia ingekuwa nyepesi. Wastani haujui mwezi gani unatangulia. Mkopo unajua.

Mahali pengine pa kutoa hiyo 440,000 palikuwa pamoja tu, nalo ni Machi. Ziada ya Machi ilikuwa 605,000, Aprili ikahitaji 155,000, kwa hiyo 450,000 zilipaswa kuwa bado zipo. Nikamuuliza zipo ngapi.

"Laki tatu. Nyingine nimeezekea jikoni."

Sikumlaumu, masika yalikuwa yameanza. Ila pengo sasa lilikuwa wazi: laki na arobaini elfu.

Kabla sijasema tulilizibaje, niwajibu kwa ufupi wale ambao mwaka wao haufanani na wake. Kama biashara ina miezi saba, usigawe kwa kumi na mbili wala usiijaze mitano iliyobaki kwa kukisia. Andika miezi saba na uitaje kwa majina, ili anayesoma aone kama Idd na Desemba zimo au hazimo. Miezi saba yenye sikukuu zote ni wastani uliovimba, na mkopeshaji mzoefu ataukata. Kama biashara inashuka, wastani unaficha hilo vilevile. Linganisha mwezi na mwezi mwenzake wa mwaka uliotangulia, Julai kwa Julai, Desemba kwa Desemba. Zikiwa zinapungua moja baada ya nyingine, namba ya kuandika ni ya hizi za karibuni zilizo chini, hata kama mwaka mzima unaonekana mzuri. Na kama mwaka wako ulibebwa na oda moja kubwa, mathalani sare za shule nzima ambazo hujui kama zitarudi, toa hesabu mbili: yenye oda hiyo na isiyo nayo. Kisandukuni iandike ile isiyo nayo.

Pia usiwe na namba tatu. Wapo wanaoandika kipato kidogo kwa afisa wa kodi, kikubwa kwa saccos, na cha kati kwa benki. Afisa wa kodi anauliza mauzo na mkopeshaji anauliza baki, kwa hiyo namba hizo mbili kutofautiana si kosa. Kosa ni mauzo ya mwaka uleule kuwa milioni nne kwenye karatasi moja na milioni kumi na moja kwenye nyingine, na karatasi zote mbili zikakutana kwenye faili moja.

Kwenye fomu mpya, Mama Fundi aliandika kisandukuni: 415,000. Kwa kuwa kisanduku ni kidogo, chini yake akaongeza kwa herufi ndogo, "wastani wa miezi 12, Mei 2024 hadi Aprili 2025, baada ya gharama za duka." Akabana karatasi moja yenye mistari kumi na miwili: mwezi, mauzo, gharama, baki, na maelezo pale palipohitaji maelezo. Nyuma yake ikafuata taarifa ya simu, ambayo alikuwa ameitia alama ya kalamu kwenye kila ingizo lisilokuwa la kazi, vitenge vya bibi harusi vikiwemo.

Kamati ilikaa naye dakika ishirini. Mjumbe mmoja alipendekeza tusubiri Novemba. Mama Fundi akasema oveloki anayokodi kwa jirani inamla fedha na muda, na akisubiri Novemba ataingia Desemba bila kuizoea mashine yake. Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Tukashusha mkopo hadi 1,200,000. Rejesho likawa 112,000, pungufu kwa elfu ishirini na nane kila mwezi, na kuanzia Juni hadi Novemba hizo ni 168,000, zinazoziba ile laki na arobaini. Akaahidi laki tatu zake zikae kwenye akiba ya saccos, na zisitoke isipokuwa kwa rejesho. Cherehani ya pili akaiacha, akanunua oveloki iliyotumika.

Kwa hesabu ya ile karatasi, kama miezi itafanana na ya mwaka jana, mwisho wa Novemba akiba yake itakuwa imebaki shilingi 28,000. Mwezi unaofuata ni wa Krismasi, na sare za Januari zinaanza kukatwa.